Pipa limefurika sokoni: nani alipe?

UZI. Jumamosi iliyopita nilialikwa kuongea kwenye kikao cha wachuuzi na wapangaji, ukumbi mmoja hapa Umoja. Wengi mmeniomba maandishi, kwa hivyo nimeyaweka hapa kipande kwa kipande, karibu kama nilivyosema. Sheria ya ukurasa mnaijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukitaja kwenye maoni nafuta, hata kama ni yule ninayempigia kura.

Mama zangu, baba zangu, vijana, hamjambo. Asanteni kwa kufunga vibanda mapema. Najua Jumamosi jioni ndiyo saa ya mauzo, kwa hivyo sitawaweka kwa salamu ndefu.

Nitaanza na barua. Iliandikwa kwa mhariri wa gazeti na mama anayeuza mboga huku kwetu Eastlands. Yuko hapa ndani, amekaa kati yenu, na amenikubalia niisome bila kutaja jina lake wala la soko lake. Inasema hivi:

“Kwa Mhariri,

Mimi ni mchuuzi wa mboga na nyanya katika soko moja la Eastlands. Nimeuza hapo miaka kumi na minne. Watoto wangu watatu wamesoma kwa sukuma wiki.

Kwenye lango la soko letu kuna pipa kubwa la chuma la taka. Zamani lori lilikuwa linalibeba kila baada ya siku mbili. Siku hizi wiki inaweza kuisha hatujaliona. Pipa linajaa, taka zinamwagika chini, zinafika barabarani, na mvua ikinyesha maji meusi yanapita chini ya meza yangu. Mteja anashika pua, anapita, anaenda kununua nyanya za kupimwa kwenye duka kubwa.

Kila asubuhi nalipa ada ya soko na nina risiti. Kila wiki tunachanga shilingi ishirini ishirini za vijana wanaofagia. Sasa karatasi imebandikwa langoni: kila mchuuzi atoe shilingi mia mbili kwa mwezi za kuzoa taka, na asiyetoa atafungiwa kibanda. Karatasi haina muhuri, na haisemi pesa zinaenda kwa nani.

Watu wa ploti za karibu wanasema ni haki tulipe kwa sababu taka ni zetu. Bwana Mhariri, mimi hutupa majani ya kabeji na nyanya zilizooza. Sijawahi kuuza nepi. Lakini asubuhi nikifika nakuta nepi, jivu la jiko, chupa, na siku moja nilikuta godoro. Mikokoteni inakuja usiku tukiwa tumelala.

Nimelipa mara ya kwanza, nimelipa mara ya pili. Hii ya tatu ni ya nini? Na kwa kweli, nani anafaa kulipa?

Mchuuzi, Eastlands.”

Mwisho wa barua. Mmepiga makofi, lakini ngojeni kwanza, kwa sababu barua hii imeuliza maswali mawili na kwenye mijadala ya siasa huwa yanachanganywa makusudi. La kwanza ni pesa ambazo mama ameshalipa zimeenda wapi. La pili ni taka zilizo kwenye lile pipa ni za nani. Mwanasiasa akipanda jukwaani hulijibu moja kama kwamba amejibu yote mawili. Anasema “mnatozwa bure, nitafuta ada,” nyinyi mnashangilia, na pipa linabaki pale pale.

Kazi ya kuzoa taka ni ya nani? Hili nitalipitia haraka kwa sababu halina ubishi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, inaipa serikali ya kaunti kazi ya kuondoa taka na kusimamia majaa. Jedwali hilohilo linaipa kaunti masoko. Kwa hivyo pipa la taka lililo kwenye lango la soko ni kazi ya kaunti mara mbili. Mgombea wa ubunge akija hapa kuwaambia atawaletea malori ya taka kwa pesa za hazina ya eneo bunge, muulizeni kwa heshima ni sheria gani inamruhusu, maana ile hazina imewekewa kazi za serikali ya kitaifa. Na mwakilishi wadi naye hana lori. Kazi yake ni kupitisha bajeti, kutunga sheria za kaunti na kuwauliza wakubwa maswali. Hiyo si kazi ndogo, nitairudia.

Sasa tuje kwa ile pesa ya asubuhi.

Ukilipa ada ya soko, wewe kichwani mwako unaona kitu kama karo ya shule: nimelipa hapa, nihudumiwe hapa. Kwamba ile hamsini yako inatembea kutoka kwa simu yako hadi kwenye tangi la mafuta la lori linalokuja kuchukua majani yako. Haiendi hivyo. Kifungu cha 207 cha Katiba kinasema pesa zote ambazo kaunti inakusanya ziingie kwenye mfuko mmoja, Hazina ya Mapato ya Kaunti. Ya soko, ya kuegesha gari, ya leseni, kodi ya mashamba na majengo, zote zinamwagwa humo kama maji ya mito mingi kwenye bwawa moja. Na kutoka humo, shilingi haitoki mpaka iwe imepitishwa kwenye bajeti.

Hii ina maana gani kwa mama wa barua? Ina maana kwamba risiti yake ni ushahidi wa kweli kwamba amelipa, lakini haimpi haki ya lori. Hata soko lenu lingeongoza Nairobi nzima kwa kulipa ada, hakuna mahali sheria inasema soko linalolipa zaidi lizolewe taka zaidi. Lori linafuata bajeti ya idara ya mazingira, na bajeti hiyo inaandikwa miezi mingi kabla ya pipa kujaa.

Tufanye hesabu kidogo. Hizi si takwimu za serikali, ni mfano wangu, mnaweza kubadilisha kulingana na soko lenu. Tuseme soko lina vibanda 200 na kila mmoja analipa shilingi 50 kwa siku. Hiyo ni 10,000 kila siku. Kwa siku 25 za mwezi ni 250,000. Hizo zinaingia kwenye bwawa. Kisha kikaratasi kinakuja langoni kudai 200 kwa kila kibanda, ambayo ni 40,000 kwa mwezi. Mchuuzi anaona 250,000 zimeenda, na anaambiwa bila 40,000 zaidi pipa halitaondoka. Lazima akasirike. Hata mimi ningekasirika.

Ndiyo maana kila uchaguzi kuna mtu atakuja na maneno matamu: “pesa ya soko ibaki sokoni.” Linasikika vizuri na si wazo la kijinga. Lakini muulizeni ataibakisha vipi. Kifungu cha 207 chenyewe kinaacha mlango, kwamba Bunge linaweza kupitisha sheria ya kuziweka pesa fulani nje ya ule mfuko. Hilo limefanyika kwa hospitali. Mwaka 2023 kulipitishwa sheria inayoziruhusu hospitali za umma kubaki na pesa wanazolipa wagonjwa na kuzitumia palepale kununua dawa na vifaa. Masoko hayana sheria kama hiyo. Kwa hivyo anayeahidi hivyo akiwa anataka kiti cha kaunti, anaahidi kitu kinachohitaji mlango wa Bunge. Anachoweza kufanya bila kungoja Bunge ni kitu kingine: kuandika kwenye bajeti ya kaunti fungu la usafi wa masoko, lenye jina na kiasi, ili mtu aweze kulifuata. Mkimsikia akisema hivyo, mnaweza kukaa chini mkamsikiliza.

Na yule anayesema atafuta ada kabisa? Sitamwita mwongo. Kuna ada nyingi ndogo ambazo gharama ya kuzikusanya na mianya ya wizi inazila kabla hazijafika popote. Lakini ukiondoa mto mmoja kwenye bwawa, sema utapunguza maji ya nani. Akinyamaza hapo, mara nyingi kitakachopungua ni kitu ambacho hakina mtetezi, na taka haina mtetezi mpaka siku kipindupindu kitakapofika.

Haya. Sasa swali la pili, na hili ndilo linanipa raha, kwa sababu wachuuzi wenyewe ndio walilichunguza.

Baada ya barua kuchapishwa, wachuuzi wanne wa soko lile walikaa zamu. Waliketi usiku kwenye kibanda kinachotazama lango, na chai kwenye themosi, wakahesabu. Usiku wa kwanza waliona mikokoteni tisa. Hawakupigana na mtu, hawakuchoma mkokoteni. Asubuhi walifuata mmoja polepole mpaka mahali ulikotoka, wakaongea na keateka wa ploti. Keateka akawaambia bila kuficha: hapa kila mpangaji analipa pesa ya taka kila mwezi pamoja na kodi, na vijana wanakuja kuzichukua. Zinaenda wapi baada ya hapo, yeye hajawahi kuuliza.

Mnaona kitu hicho? Mpangaji amelipa. Landlodi amekusanya. Kikundi cha kuzoa kimepokea. Kila mtu ana haki ya kusema amefanya lake. Lakini mkokoteni hauwezi kufika Dandora mara tatu kwa usiku, na ukifika kuna foleni na kuna watu wa kulipwa getini. Pipa la soko liko mita mia mbili. Kwa hivyo safari inaishia kwa mama wa kabeji.

Turudi kwenye mfano wangu. Tuseme kuna ploti kumi zinazozunguka soko, kila moja nyumba 40, kila nyumba inatoa shilingi 150 kwa mwezi. Hiyo ni 60,000. Inazidi ile 40,000 inayodaiwa wachuuzi! Pesa ya kufikisha taka za ploti kwenye jaa imeshalipwa na mpangaji, na inabaki mfukoni mwa mtu katikati ya njia. Halafu mchuuzi anaambiwa alipe ili taka hizohizo zimalizie safari.

Na uzito je? Kila kibanda tuseme kinatoa kilo nne za majani na matunda yaliyoharibika kwa siku. Vibanda 200, kilo 800. Pipa la chuma lenye nafasi ya mita saba za ujazo, taka za mboga za aina hiyo zitalijaza kwa siku mbili na kidogo. Hivyo ndivyo mama anavyokumbuka: lori lilikuja kila siku mbili na mambo yalikuwa sawa. Sasa ongeza ploti kumi zenye watu 120 kila moja, nusu kilo kwa kila mtu. Hapo kuna kilo 600 zaidi kila siku, na taka za nyumbani ni nyepesi, zinachukua nafasi kubwa kuliko uzito wake. Pipa linajaa kwa siku moja na ushee. Hata lori likirudi kwa ratiba yake ya zamani, jioni ya pili mtakuwa mnaruka nepi. Kwa hivyo anayeahidi “malori zaidi” peke yake, ameahidi kuwabebea bure hawa wa katikati ya njia.

Sheria inasemaje hapo? Sheria ya mazingira ya Kenya ya 1999 inataja kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipe. Watu wanaipenda kanuni hiyo ikimwangukia mwingine. Kwa majani ya kabeji, mchafuzi ni mchuuzi, tukubali. Ni taka za biashara na ada anayolipa ni sehemu ya kulipia hilo. Kwa nepi, mchafuzi ni nyumba, na nyumba imelipa. Aliyebaki na deni ni yule aliyepokea pesa za kufikisha taka kwenye jaa akazitupa njiani. Kaunti ndiyo inayotoa leseni kwa wazoaji wa taka, na Nairobi ina sheria yake ya taka ngumu tangu 2015. Kwa hivyo swali la kuuliza kwenye mkutano wa hadhara halianzi na “kwa nini lori halikuja.” Linaanza hivi: hizi ploti kumi zinazolewa na nani, leseni yake iko wapi, na taka anazochukua zinapimwa wapi?

Hapa lazima niseme kitu ambacho vijana wengine hawatapenda. Wengi wanaosukuma ile mikokoteni ni watoto wetu. Hawana lori, wanalipwa kidogo, na kuwafukuza na kanjo usiku hakujamaliza tatizo mahali popote. Mwenye pesa ni aliyeingia mkataba na landlodi. Yeye ndiye aonyeshe lori. Mkokoteni ubaki kufanya kazi ambayo unaiweza, kutoa taka kwenye vichochoro ambavyo lori haliingii na kuzifikisha mahali pa kukutania na lori.

Kuna ndugu ameinua mkono huko nyuma, anasema lori lenyewe ndilo shida, nisilitetee. Sawa, tuliseme lori.

Kutoka hapa mpaka Dandora ni karibu. Watu wa Karen wakisema jaa ni mbali nitawaelewa, sisi tunalinusa. Kwa hivyo umbali haujawahi kuwa sababu. Lile jaa lilianza miaka ya 1970, na kufikia 2001 lilikuwa limetangazwa limejaa. Bado linatumika hadi leo. Mwaka 2021 mahakama ya mazingira na ardhi iliamuru lifungwe na kuhamishwa. Jaa lililojaa maana yake ni hii: lori haliteremshi taka likaondoka. Linapanda juu ya taka za jana. Mvua ikinyesha, njia ya ndani inakuwa matope na lori linazama mpaka tingatinga lilivute. Lori ambalo lingefanya safari nne linafanya moja. Ndiyo maana mapipa ya Eastlands hufurika zaidi Aprili na Novemba, na si kwa sababu mnakula kabeji zaidi miezi hiyo.

Kitu cha pili ni jinsi mkandarasi anavyolipwa. Kwa miaka mingi Nairobi imewalipa wakandarasi kwa tani zilizopimwa kwenye mizani. Ukimlipa mtu kwa tani, atapenda nini? Atapenda kitu kizito. Majani yaliyoloa maji ni mazito, udongo ni mzito. Chupa za plastiki na zile zilizotapakaa kando ya pipa ni nyepesi, na kuzikusanya kunachukua muda wa wafanyakazi. Kwa hivyo lori likija linabeba kilicho ndani ya pipa na kuacha kilicho chini. Si ubaya wa dereva, ndivyo mkataba unavyomfundisha. Mkataba unaolipa kwa pipa lililoachwa safi, na mtu wa soko akatia sahihi kwamba kweli limeachwa safi, ungemfundisha tofauti. Una shida yake pia, maana mtu wa kutia sahihi anaweza kununuliwa chai. Lakini angalau anayenunuliwa mnamjua na mnamwona kila siku.

Na cha tatu mnakijua: mkandarasi asipolipwa miezi kadhaa, anaegesha malori. Hatangazi. Mnaona tu kimya. Hapo ndipo mwakilishi wadi ana kazi. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti kila robo mwaka zikionyesha kila kaunti ilipanga kutumia nini na imetumia nini kwa kila idara. Ripoti hizo ziko wazi kwa kila mtu. Ukikuta idara ya mazingira ilitengewa pesa na robo tatu za mwaka zimepita imetumia kidogo tu, basi shida yako haikuwa kwamba ada ni ndogo. Pesa zilikuwepo kwenye makaratasi na hazikutoka. Muulize mwakilishi wako swali hilo kwa nambari, uone atakavyokaa vizuri kwenye kiti.

Jambo la majani nitaligusia tu. Kwenye soko la mboga, sehemu kubwa ya taka ni kitu ambacho mtu mwingine anakitaka. Wafugaji wa ng’ombe na mbuzi wa Ruai na Njiru wanachukua majani ya kabeji na maganda ya mahindi mabichi bure, wakiyakuta safi. Shida ni uzi wa gunia na karatasi za nailoni. Mfugaji aliyepoteza ng’ombe mmoja kwa nailoni tumboni harudi. Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapotoka, zinazooza mbali na zisizooza. Kwa soko hiyo inaweza kuwa magunia mawili tu kwa kila safu ya vibanda. Haitaondoa kila kitu. Nyanya zilizooza na mikungu ya ndizi hakuna ng’ombe atakayekushukuru. Lakini ikitoa hata theluthi ya zile kilo 800, pipa limepata siku moja zaidi, bila kumlipa mtu yeyote.

Sasa mama wa barua ameniuliza hapa mbele yenu, na nitajibu mbele yenu. Ameuliza: “Mwanangu, hayo yote nimesikia. Jumatatu wakija kudai ile mia mbili, nilipe au nisilipe?”

Mama, kwanza tutenganishe. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa bila sheria. Ada za kaunti zinapaswa kuwa kwenye sheria ya fedha ya kaunti, ile inayopitishwa kila mwaka baada ya wananchi kuitwa kutoa maoni. Karatasi iliyobandikwa langoni bila muhuri si sheria. Kwa hivyo akija mtu kusema ni lazima, mwambie kwa upole: nionyeshe sheria ya fedha imesema wapi, nionyeshe nambari ya malipo ya kaunti, nipe risiti ya kaunti. Akiwa navyo, lipa, halafu mpinge mbele ya bunge la kaunti. Akiwa hana, hawezi kukufungia kibanda kwa hiyo, na akikifunga, piga picha, andika siku na saa, na msiende mmoja mmoja. Nendeni wachuuzi wote 200 kwa ofisi ya wadi.

Lakini kama ni nyinyi wenyewe mmekaa, mkakubaliana kuchanga kwa kazi ambayo mnaitaka, kwa mfano kumlipa mlinzi wa usiku wa pipa, hiyo ni chama, kama chama cha kuzungushiana pesa. Sitakuambia usichange. Ningekuambia tu iwe na daftari, iwe na watu watatu wa kutia sahihi, na msichangie kubeba taka za ploti. Hizo 60,000 za mfano wangu ziko mahali. Kabla ya kugusa pochi yako, keateka na landlodi waulizwe ziko wapi.

Na kwa kaunti, andikeni barua nyingine. Ile ya mhariri imefanya kazi yake, imewafanya watu waongee. Hii ya pili iende kwa ofisi ya kaunti na iombe vitu vitatu tu: ratiba ya lori la pipa lenu, mkandarasi analipwa kwa kipimo gani, na jina la mwenye leseni ya kuzoa ploti zile kumi. Sheria ya kupata habari ya 2016 inawapa siku 21 kujibu. Wakinyamaza, kuna Tume ya Haki ya Utawala ya kupeleka malalamishi, na hawalipishi. Bakini na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, maana bila huo muhuri watasema haikufika.

Makadirio ya bajeti ya mwaka ujao yanafika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Baada ya hapo kunakuwa na vikao vya kutoa maoni, na mara nyingi huwa mchana wa siku ya kazi, wakati mchuuzi hawezi kuacha meza. Chagueni wawili waende, wengine wawauzie. Wasiende kusema “tunataka usafi,” kila mtu anasema hivyo na inaandikwa kwenye kitabu inaishia hapo. Waende na zile kurasa za daftari la mikokoteni, na ombi la fungu moja lenye jina: usafi wa masoko, safari ngapi kwa wiki, kwa soko gani.

Mama anasema ameandika nambari hizo nyuma ya risiti ya leo asubuhi. Basi tuendelee na maswali, yule kijana wa mkokoteni alikuwa ameinua mkono kabla yenu wote.